Mzigo Ulifika Ukiwa Juu: Kisa cha Jeraha la Mgongo katika Kiwanda cha Mikate, Mombasa

## Usuli

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha mikate kilichoko kwenye eneo la maghala, upande wa Kisiwani Mombasa. Jina la kiwanda, mtaa, tarehe na habari zozote zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa. Kiwanda kina wafanyakazi wasiozidi arobaini, na wengi wao hufanya kazi ya zamu. Jengo lenyewe ni godauni la zamani, lenye kuta nene na paa la mabati, ambalo zamani liliwekewa bidhaa za kwenda bandarini. Kwa nyuma lina jukwaa la saruji la kupakulia mizigo, lililoinuka sentimita 110 kutoka chini. Wakati wa kisa, jukwaa hilo lilikuwa limejaa kreti kuukuu na mashine mbovu, na hakuna aliyelitilia maanani.

Unga wa ngano huletwa na lori katika magunia ya kilo 50. Mashine ya kukandia unga ina bakuli kubwa la chuma linalopokea magunia mawili kwa mkupuo mmoja, na ukingo wa bakuli hilo uko sentimita 105 kutoka sakafuni. Katika zamu ya kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku hukandwa mikupuo kumi na miwili, maana yake ni magunia 24. Kazi ya kulisha mashine ilikuwa ya watu wawili: mkandaji mwenyewe na msaidizi wake.

Utaratibu wa siku zote ulikuwa hivi. Lori lilisimama mbele ya jengo, usawa wa barabara. Mahamali waliokuja na lori waliyateremsha magunia kwa mabega na kuyapanga katika stoo ya chini, moja juu ya jingine. Zamu ikianza, msaidizi alilitoa gunia kwenye rundo, akalibeba begani takriban mita kumi na nne hadi kwenye mashine, akalitua sakafuni. Mkandaji alikata uzi wa mshono, akakunja mdomo wa gunia, kisha wawili hao wakalinyanyua kutoka sakafuni, wakaliegemeza kwenye ukingo wa bakuli na kuumimina unga. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kwa kweli, mara nyingi mkandaji alinyanyua peke yake, kwa kuwa mashine ilikuwa imesogezwa karibu na ukuta na upande mmoja haukuwa na nafasi ya mtu wa pili kusimama vizuri.

Kitabu cha ajali hakikuwa na jeraha hata moja la mgongo. Hata hivyo, sisi washauri tulioitwa baada ya ajali tulipozungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, watano kati ya wanane waliowahi kufanya kazi ya mashine walisema mgongo uliwahi kuwauma kiasi cha kushindwa kulala. Walijichua kwa dawa, wakaomba ruhusa kwa sababu nyingine, wakarudi kazini. Maumivu ya mgongo hayakuhesabiwa kuwa ajali, kwa sababu hakuna kilichoanguka na hakuna damu iliyotoka.

## Kilichotokea

Ajali ilitokea katika mwezi wa Ramadhani. Ratiba ya kiwanda ilikuwa imebadilika, kwani mahitaji ya mikate yalihamia jioni na usiku, na mikupuo miwili iliongezwa kati ya magharibi na isha. Jioni hiyo adhana ilipoadhiniwa, msaidizi alikwenda kufuturu pamoja na wenzake. Mkandaji, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye hakuwa amefunga siku hiyo, alibaki na mashine kwa kuwa mkupuo uliotangulia ulikuwa umekaribia kutolewa.

Gunia la kwanza alilimimina salama. La pili lilikuwa limetuliwa pembeni kidogo, nyuma ya mguu wake wa kushoto. Aliinama, akalishika pembe mbili za chini, akalivuta hadi kwenye mapaja, kisha akageuka huku analipandisha kuelekea kwenye bakuli. Gunia lililokwisha kufunguliwa halitulii mikononi: unga ndani yake hukimbilia upande ulioshuka, na uzito wote huhama katikati ya safari. Sakafu nayo ilikuwa na vumbi la unga lililoshika unyevu, hivyo kiatu kiliteleza kiasi cha kiganja kimoja. Hakuanguka. Alihisi kitu kama kimekatika chini ya kiuno, akaliachia gunia likamwagika, akabaki ameinama asiweze kujinyoosha.

Msimamizi wa zamu alifanya mambo mawili ya maana. Kwanza alimlaza chali, magoti yakiwa yamekunjwa juu ya kreti, badala ya kumruhusu mtu amkande pale pale kama wawili walivyotaka. Pili, alimuuliza maswali aliyofundishwa katika mafunzo ya huduma ya kwanza: je, unahisi ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, je, umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, je, miguu yote miwili imelegea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo lingemaanisha kwamba fungu la neva mwishoni mwa uti wa mgongo huenda limebanwa, na mtu wa namna hiyo anahitaji hospitali yenye uwezo wa upasuaji usiku huo huo. Majibu yote yalikuwa hapana. Maumivu yalishuka kwenye mguu wa kushoto tu, yakapita goti hadi ukingo wa nje wa unyayo.

Hospitalini alionekana kuwa na dalili za gegedu lililochomoza baina ya pingili za chini za uti wa mgongo na kugusa neva inayoelekea mguuni. Hakufanyiwa upasuaji. Alipewa dawa za maumivu, akashauriwa asilale kitandani kutwa bali atembee kidogo kidogo, na akapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alikaa nje ya kazi wiki saba.

Mwenye kiwanda mwanzoni alitaka jambo hilo limalizwe kimyakimya kwa kumlipia matibabu. Msimamizi na mhasibu walimweleza kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aiarifu Kurugenzi ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini ndani ya siku saba tangu apate habari ya ajali. Taarifa ilipelekwa kwa wakati. Baada ya hapo ndipo tulipoitwa kushauri.

## Uamuzi wa kwanza: kuwafundisha watu kunyanyua

Kabla hatujafika, uongozi ulikuwa umekwisha kuamua. Wafanyakazi wote walipata mafunzo ya nusu siku ya kunyanyua mizigo kwa usahihi: simama karibu na mzigo, tanua miguu, kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, shika imara, mzigo uwe karibu na mwili, usijipinde kiuno bali geuza miguu. Bango lilibandikwa ukutani, na mikanda minane ya kufunga kiunoni ikanunuliwa. Sababu za uamuzi huo zinaeleweka. Ulikuwa rahisi, ulitekelezeka wiki hiyo hiyo, na kila mtu aliamini kwamba aliyeumia aliumia kwa sababu alinyanyua vibaya.

Maelekezo hayo hayana kosa yakitazamwa peke yake. Tatizo lilionekana tulipokaa karibu na mashine kwa zamu mbili na kutazama. Gunia la kilo 50 likilala sakafuni ni pana kuliko nafasi iliyopo kati ya magoti ya mtu aliyechuchumaa. Anayefuata bango anajikuta magoti yake yako kati ya mwili na mzigo, hivyo analazimika kulinyanyua gunia mbele ya magoti, mbali zaidi na kiuno kuliko angeinama tu. Mfanyakazi mmoja alijaribu mbele yetu mara tatu kwa utiifu, kisha akasema, “Mzee, hili bango limechorwa na mtu mwenye sanduku dogo.” Picha za bango zilionyesha sanduku lenye vishikio, na ziliishia pale mzigo ulipofika kiunoni. Kazi ya hapa ilikuwa na gunia lisilo na kishikio, na iliendelea hadi ukingo wa bakuli, ambako gunia lilipaswa kuinuliwa mkia ili unga utoke.

Kuhusu mikanda, tulishauri isiwe ya lazima na isihesabiwe kuwa kinga. Haijathibitika kwamba mkanda humzuia mfanyakazi mzima kuumia, na kuna hatari kwamba anayeufunga hujiona ana uwezo wa kubeba zaidi. Kuhusu mafunzo, tafiti zilizokusanywa na kupimwa kwa pamoja zimeonyesha jambo ambalo waajiri wengi hawapendi kulisikia: kufundisha mbinu ya kunyanyua, kazi yenyewe ikiachwa kama ilivyo, hakupunguzi maumivu ya mgongo.

## Hesabu iliyobadilisha mazungumzo

Mwenye kiwanda hakuyakubali hayo kwa maneno, na alikuwa na haki. Alisema mahamali wa bandarini wamebeba magunia ya kilo 90 miaka na miaka. Basi tulichukua utepe wa kupimia na kufanya hesabu mbele yake, kwa kutumia kanuni ya taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini iitwayo NIOSH, iliyorekebishwa mwaka 1991. Kanuni hiyo huanza na kilo 23, uzito unaopendekezwa pale mazingira yote yakiwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko kimo cha sentimita 75, hakuna kujipinda, na mshiko ni imara. Kila kasoro inayoongezeka hupunguza uzito huo kwa kuuzidisha na namba iliyo chini ya moja.

Kasoro kubwa kuliko zote ni umbali. Mikono ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, hakuna punguzo. Kwa gunia letu tulipima sentimita 40, na 25 ikigawanywa kwa 40 ni 0.63, hivyo zaidi ya theluthi ya uwezo imekwisha kupotea kabla mtu hajanyanyua chochote. Yakafuata mapunguzo ya kuanzia chini karibu na sakafu, ya kupandisha sentimita 85, ya kujipinda nyuzi 30, ya kuirudia kazi zamu nzima, na ya mshiko mbovu. Mwisho wa hesabu uzito uliopendekezwa ulikuwa kama kilo 7. Gunia lilikuwa na kilo 50, karibu mara saba.

Kisha tukairudia hesabu hiyo kwa mfanyakazi wa kuwazika tu, anayefuata bango kikamilifu. Tulimpa umbali wa sentimita 30, ingawa upana wa gunia hauruhusu, na tukamwondolea kujipinda kote. Uzito uliopendekezwa ulipanda hadi kilo 10.7. Mbinu bora kabisa ilikuwa imeongeza kilo tatu na ushei, na gunia lilibaki kilo 50. Hapo mwenye kiwanda alinyamaza, kisha akauliza swali lililokuwa la msingi: “Sasa mnataka nifanye nini, nisinunue unga?”

Kanuni hii ina mipaka yake, na tulimweleza. Imetungwa kwa kunyanyua kwa mikono miwili, kwa mwendo wa taratibu, juu ya sakafu isiyoteleza, na kwa mzigo usiobadilika umbo. Hapa masharti mawili hayakutimia, kwani sakafu iliteleza na unga ulihamahama ndani ya gunia. Kwa hiyo kilo 7 zilikuwa makadirio ya ukarimu. Kuhusu mahamali wa kilo 90, tulimwomba awatafute walioifanya kazi hiyo wakiwa vijana na awaulize hali ya migongo yao leo. Waliovumilia ndio wanaoonekana kazini, na walioshindwa wako nyumbani, hawahesabiwi.

## Njia tatu zilizofikiriwa na kuachwa

Njia ya kwanza ilikuwa kusisitiza kwamba kila gunia linyanyuliwe na watu wawili. Wawili hawanyanyui mara mbili ya mmoja. Kiasi cha kukadiria ni theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao, kwa sababu mmoja huona njia na mwingine haoni, vimo hutofautiana, na hakuna wawili wanaovuta kwa nukta ile ile. Zaidi ya hapo, sharti la watu wawili huvunjika siku mmoja anapokosekana, na jioni ya ajali ilikuwa ushahidi wa kutosha.

Njia ya pili ilikuwa kununua unga katika magunia ya kilo 25. Hii ilikuwa na maana zaidi, na tunaamini inafaa mahali ambapo hakuna lingine linalowezekana. Lakini hata kwa yule mfanyakazi wa kuwazika, kilo 25 ni zaidi ya mara mbili ya kilo 10.7, na idadi ya kunyanyua ingekuwa 48 kwa zamu badala ya 24. Msambazaji pia alitaka bei ya juu kwa kila kilo.

Njia ya tatu ilikuwa mashine ya kupandisha unga kwa parafujo ndani ya bomba. Ingeondoa kunyanyua, ila ilihitaji kusafishwa kila siku ili unga usichachuke ndani yake katika joto na unyevu wa pwani, na umeme ukikatika watu wangerudi kubeba.

## Kulifuata gunia kutoka lorini

Badala ya kuendelea kulitazama gunia likiwa sakafuni, tuliamua kulifuata tangu linapowasili. Kazi hii ilituchukua asubuhi moja na ilihitaji utepe, kalamu na subira ya kuuliza kila mahali: hapa gunia liko kimo gani? Kitanda cha lori kilikuwa sentimita 120. Bega la hamali, kama 140. Sakafu ya stoo, sifuri. Bega la msaidizi, 140 tena. Sakafu ya penye mashine, sifuri tena. Ukingo wa bakuli, 105.

Gunia lilifika likiwa juu ya mahali lilipotakiwa kwenda. Kiwanda kililipa watu walishushe mpaka chini, kikalipa wengine walipandishe na kulishusha tena, kisha kikamwomba mkandaji alirudishe juu kwa mgongo wake. Unyanyuaji uliomjeruhi haukuwa hitaji la mikate. Ulizaliwa na uamuzi wa zamani, ambao hakuna aliyeukumbuka, wa kuweka stoo usawa wa barabara.

Msimamizi ndiye aliyelitaja jukwaa la nyuma. Lilikuwa sentimita 110, chini kidogo ya kitanda cha lori na juu kidogo ya ukingo wa bakuli. Mahali pazuri zaidi pa kuweka unga palikuwa pamejengwa miaka mingi kabla ya kiwanda kuwapo, na pamejazwa takataka.

## Kazi ilivyobuniwa upya

Jukwaa lilisafishwa, likaezekwa vizuri dhidi ya mvua za masika, na stoo ya unga ikahamishiwa huko. Lori sasa hurudi kinyumenyume hadi ukingoni, na bamba la chuma hulazwa kuunganisha kitanda chake na jukwaa. Magunia huburutwa na kulazwa juu ya paleti, ambazo huvutwa kwa jeki ya paleti ya mkono. Mashine ya kukandia iling’olewa mahali pake na kusimikwa chini, ikipakana na ukingo wa ndani wa jukwaa.

Kati ya paleti na bakuli, fundi wa kuchomelea alitengeneza meza fupi ya mabomba yanayozunguka juu ya beringi. Kimo cha meza hiyo kilijadiliwa kuliko kitu kingine chochote. Uso wa paleti uko sentimita 14 juu ya sakafu ya jukwaa. Kama meza ingekuwa juu ya hapo hata kwa sentimita tano, magunia ya safu ya chini yangelazimika kunyanyuliwa, na kunyanyua kungerudi kwa mlango wa nyuma. Meza ilitengenezwa kwa sentimita 12, hivyo kila gunia, la safu yoyote, huteleza kwa usawa au kushuka. Mwishoni mwa meza kuna ubao wenye bawaba, na baada yake mlizamu wa chuma cha pua unaoingia kwenye bakuli.

Mkandaji husimama chini, kando ya mashine. Kwake yeye gunia lililo juu ya meza liko kati ya kiuno na kifua, hivyo haimlazimu kuinama. Hulivuta hadi kwenye ubao, hukata uzi, hukunja mdomo wa gunia juu ya mlizamu, kisha hukanyaga jeki ya mafuta inayoinua mkia wa ubao taratibu. Unga huteremka wenyewe. Anachonyanyua yeye ni gunia tupu.

Mpango mpya ulileta hatari mpya, na tulizishughulikia kabla ya kuanza. Ukingo wa jukwaa uliwekewa reli, isipokuwa pale penye mlizamu. Paleti moja ilipangiwa magunia kumi tu, kilo 500, kwa sababu nguvu ya kuanzisha mwendo wa paleti nzito kwenye sakafu yenye mashimo nayo huumiza mgongo na mabega, na mashimo yenyewe yalizibwa kwa saruji. Mlizamu ulifunikwa kwa turubai jepesi, kwani unga unaomiminika hutimua vumbi, na pumu ya waokaji ni ugonjwa wa kazi unaojulikana.

## Mahamali

Sehemu hii karibu ivunje mpango wote. Mahamali hulipwa kwa gunia, nao waliona kazi yao imerahisishwa kiasi kwamba malipo yatapunguzwa kesho. Wiki ya kwanza walipanga magunia hovyo na kulalamika kwamba bamba linawachelewesha. Mzee wao alituambia waziwazi, “Nyinyi mnaokoa mgongo wa mtu wenu, wa kwetu mmeuuliza?” Aliyosema yalikuwa kweli. Kiwanda kilikubali kulipa kwa lori kiasi kile kile walichokuwa wakipata kwa magunia, na kuandika hivyo.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeonyesha kasoro ambayo sisi hatukuiona kwenye karatasi. Magunia ya juu lorini ndiyo hushuka kwanza, kwa hiyo huwa ya chini kwenye paleti. Yale ya sakafuni mwa lori hubaki mwisho, na hayo ndiyo yaliyokuwa yanapandishwa kwenye safu ya pili. Watu walikuwa bado wananyanyua, ila walinyanyua nyuma ya jengo ambako hakuna aliyetazama. Tangu hapo, paleti tatu hubakizwa tupu kila lori linapofika, na safu ya mwisho ya lori hulazwa juu yake bila kupandishwa juu ya gunia jingine.

## Matokeo

Miezi kumi baada ya mabadiliko, hakuna mkandaji aliyekosa kazi kwa sababu ya mgongo. Kidole cha msaidizi mmoja kilibanwa kati ya mabomba ya meza, na kinga ya bati ikaongezwa pembeni. Wiki mbili za mwanzo kila mkupuo ulichelewa dakika chache. Baadaye muda ulirudi kama zamani, na mikupuo ya magharibi sasa inaweza kuendeshwa na mtu mmoja bila hatari ile ya kwanza.

Aliyeumia alirudi kwa kazi nyepesi ya kuhesabu na kufungasha, kisha akaomba mwenyewe kurudi kwenye mashine. Ganzi ya ukingo wa unyayo haijaisha, na safari ndefu ya matatu bado inamsumbua. Mabadiliko ya kazi yamemwezesha kuishika ajira yake, lakini hayakumrudishia mgongo aliokuwa nao.

## Uchambuzi

Kilichofaulu hapa ni mpangilio wa maswali. Uongozi ulianza kwa kuuliza namna ya kunyanyua, na kwa swali hilo jibu haliwezi kuzidi zile kilo tatu za hesabu yetu. Swali lililopaswa kutangulia ni kwa nini mzigo uko chini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inaelekea huko huko, kwani inamtaka mwajiri arekebishe kazi ilingane na mfanyakazi na inamkataza kumbebesha mtu mzigo unaoweza kumjeruhi. Mafunzo yana nafasi yake, lakini yanakuja mwisho, kwa vile vitu vichache vitakavyobaki kubebwa.

Kilichofeli kwanza ni kumbukumbu. Kitabu cha ajali kilionyesha usalama ambao haukuwapo, na kama tungekitegemea tungesema jeraha hili ni la bahati mbaya. Kwa sababu hiyo hiyo hatudai kwamba miezi kumi bila jeraha imethibitisha kitu. Katika kiwanda chenye wakandaji wachache, miezi kumi inaweza kupita salama hata kazi ikiwa mbaya. Kipimo tunachokiamini ni hesabu ya kunyanyua kwenyewe: magunia 24 kwa zamu yalinyanyuliwa kutoka sakafuni hadi bakulini, na sasa hayanyanyuliwi. Msimamizi huketi na kuhesabu saa moja kila mwezi, mbele kwenye mashine na nyuma kwenye lori, na akiona gunia limepanda anaandika na kuuliza sababu. Mara mbili ameona: mara moja jeki ya mafuta ilikuwa imevuja, na mara nyingine lori fupi lilikuja, lenye kitanda kilicho chini ya jukwaa. Kwa lori la namna hiyo sasa kuna maagizo kwamba lisipakuliwe nyuma mpaka liegeshwe juu ya vipandio viwili vya saruji vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Kisa hiki kilisaidiwa na jengo lenye jukwaa, na si kila mahali pana jukwaa. Njia ya kupima kimo cha mzigo katika kila kituo, tangu unapofika hadi unapotumika, haihitaji jukwaa. Huonyesha tu mahali mzigo uliposhushwa bila sababu, na hapo ndipo pa kuanzia. Katika kiwanda hiki hiki bado kuna kazi moja ambayo haijaguswa, nayo ni kreti za mikate zinazopangwa sakafuni usiku na kupandishwa kwenye magari ya kusambaza alfajiri. Kreti moja ni nyepesi, lakini ni nyingi, na za juu kabisa huwekwa mahali palipo juu kuliko kichwa cha mpakiaji. Vimo vyake vimekwisha kupimwa, na kinachojadiliwa sasa ni kuzipanga juu ya vitoroli vya magurudumu vinavyoingia garini vikiwa vimepakiwa, pamoja na swali la nani atakayegharamia njia mteremko za magari hayo, kwa kuwa mengi si mali ya kiwanda.